Mama wa Kijivu Mlangoni

Ofisini walimwita Dada Vipimo, na jina hilo halikuanza kwa mapenzi. Alibandikwa na jamaa wa meza ya jirani, mchoraji wa mabomba ya maji ambaye naye walimwita Bomba. Siku hiyo dada alikataa kumaliza picha ya jiko kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia meza ya kukatia mboga ina urefu gani kutoka sakafuni. Bomba akamwambia weka tu, nani atapima. Dada akamjibu kwamba yeye hajui kuweka tu, akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono mpaka kipimo kikaletwa. Tangu hapo jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Msanifu majengo, ambaye ndiye mwenye ofisi, akishachora ramani, dada anaijenga nyumba ile ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, kisha anaweka jua, anaweka taa, anasimamisha kamera ya bandia mahali ambapo mtu angesimama, halafu anaiacha mashine ipike. Ndivyo walivyosema, kupika. Picha huanza ikiwa chengachenga, haieleweki, kisha chenga zinatulia kidogo kidogo mpaka unaona mlango, unaona jani, unaona mwanga umelala juu ya kidato cha ngazi. Watu wakiiona wanauliza hiyo nyumba iko wapi. Iko hewani, bado haina hata tofali moja.

Sasa dada huyu alikuwa na mtindo wake ambao wenzake waliufanyia mzaha sana. Kabla hajaweka kitu chochote kwenye picha, awe anachora sebule au duka la dawa, alianza na mlango wa mbele, na mbele ya mlango alimsimamisha mama yake.

Si utani. Ndani ya kompyuta yake alikuwa na sanamu ya mwanamke mfupi, mnene kiasi, wa rangi ya kijivu kuanzia kichwani mpaka miguuni, hana macho wala mdomo. Aliitengeneza kwa vipimo vya mama yake mzazi. Jioni moja alimsimamisha ukutani nyumbani, akampima urefu, akampima mabega, akampima kiwiko kiko juu kiasi gani mkono unaposhika kitasa. Akamwomba ainue mguu kama anayepanda ngazi, apandishe mpaka pale goti linapoanza kulalamika, akapima hapo pia.

"Unanipimia sanda, we mtoto?" mama yake aliuliza.

"Nakupimia mlango, Mama."

"Mlango wa nani?"

"Wa kila mtu."

Mama akaguna, akasema kama ni hivyo basi aandike pia kwamba upande wa kushoto goti ni baya zaidi. Dada akaandika.

Kwa hiyo kila nyumba iliyotoka kwenye ile meza, mtu wa kwanza kuifikia alikuwa yule mama wa kijivu. Alipanda ngazi, alisimama barazani, alinyoosha mkono kwenye kitasa. Kitasa kikiwa juu mno, kinashushwa. Taa ikimgonga kichwa, inapandishwa. Chungu cha maua kikimbana njia, kinasogezwa. Kila kitu kikishamkubali, dada anamficha, na picha inaondoka bila yeye. Bomba alizoea kumsalimia asubuhi akipita. "Shikamoo, bibi wa kijivu," anasema kwenye skrini, kisha anakwenda zake kwenye mabomba.

Ukitaka kujua kwa nini mlango wa mbele, inabidi urudi nyuma kidogo. Mama huyu alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu karibu maisha yake yote. Milango ya mbele aliifahamu kuliko wenyewe. Aliifuta vumbi, aling'arisha vitasa, alimwagilia vyungu vya barazani, alipanda kwenye stuli kufuta wadudu waliokufa ndani ya taa. Lakini kuingia, aliingia kwa nyuma, pale penye mapipa ya taka na kamba ya nguo. Siku moja binti yake, bado mdogo, alimfuata kazini mvua ikinyesha. Mtoto hajui mambo, akaona mlango mzuri wenye taa, akapanda ngazi, akabonyeza kengele. Mama mwenye nyumba akafungua, akamtazama kuanzia miguuni, akasema, "Zunguka nyuma." Akafunga, na komeo likalia.

Mtoto akazunguka. Mama yake alimfuta maji kichwani kwa aproni, hakusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo dada alilokuja kulichukia kuliko komeo lenyewe, na alilichukia kwa miaka mingi.

Basi, ukaja mradi wa nyumba za mtaa mpya. Mwenye mradi ofisini walimwita Tajiri, na yeye alilipenda jina hilo. Alikuwa akijenga nyumba kwa awamu na kuziuza zikiwa bado kwenye karatasi, kwa hiyo picha ndiyo ilikuwa duka lake. Awamu ya kwanza alichorewa picha na ofisi nyingine. Awamu hii ya pili akaja kwa Msanifu, na Msanifu akamkabidhi dada picha iliyo muhimu kuliko zote, ile ya bango kubwa, baraza na mlango wa mbele.

Dada alifurahi, acha niseme ukweli, alifurahi mpaka akanunua balbu mpya ya meza yake. Baraza lilikuwa dogo lakini limefikiriwa vizuri. Vidato vitatu vya ngazi, vipana, vya kupandika hata na goti baya. Mlango wa mbao wa kawaida, upana na urefu wa kawaida, na kioo chembamba ubavuni. Akaweka taa ya ukutani kando ya mlango, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ya mwanga wa njano tulivu. Akaweka vyungu viwili, kimoja kinafika gotini, kingine karibu na kiuno, akakataa kuvifanya mapacha kwa sababu hakuna nyumba yenye watu hai ambayo vyungu vyake vinalingana. Kisha akachagua saa. Jua limeshazama ila mbingu bado ina buluu yake, ndipo taa ya nyumba inaonekana bila kupigana na mtu. Ukiiwasha mchana haionekani, na giza likishakuwa totoro ukuta unaunguzwa na mwanga na baraza linageuka kituo cha polisi. Alijaribu nguvu ya taa mara nyingi, akaipunguza mpaka mwanga ukashuka ukutani taratibu, ukapita juu ya majani, ukalala kwenye kidato cha kwanza na kuishia kwenye cha mwisho. Ndani, nyuma ya kile kioo, akawasha taa nyingine hafifu ili mtu ajue kuna anayemsubiri.

Mama wa kijivu akapanda, akasimama, akashika kitasa. Kila kitu kilimkubali. Dada akamficha, akapika picha.

Tajiri alikuja kuitazama akiwa na mkuu wake wa mauzo, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kamba. Tajiri alisimama mbele ya skrini, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mwanga mzuri," alisema. "Lakini hiki ni kibaraza cha kioski. Mimi nauza nyumba, binti, siuzi vocha."

"Ndivyo lilivyo kwenye ramani, mzee."

"Ramani nani anaisoma? Watu wanasoma picha." Akamgeukia Msanifu, kwa sababu aliona huku hakuna mazungumzo. "Wale wa mwanzo walinifanyia vizuri sana. Wanapunguza vile vya kuwekwa. Punguza vyungu, punguza taa, punguza viti, punguza mlango wenyewe, theluthi hivi. Ngazi tatu zigawe zitoke tano. Ukuta na sakafu unaviacha vilevile. Jicho la mtu linapima kwa mlango, mlango ukiwa mdogo baraza linakuwa uwanja. Hakuna tofali lililoongezwa, hakuna uongo."

Msanifu alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alikuna kidevu, akasema wataliangalia. Tajiri alipotoka akamwita dada pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ofisi haina kazi nyingine ya maana mwaka huo. Tajiri akiondoka, kuna meza itakayofungwa, na yeye mwenyewe anaijua ni ipi.

"Fanya anavyotaka," alisema. "Ni picha tu, dada yangu."

Bomba alikuwa akisikiliza, kama kawaida yake. Msanifu alipokwenda zake akavuta kiti.

"Mjomba wangu alinunua awamu ya kwanza," alisema. "Kwa picha hiyohiyo wanayoisifu. Akanunua na viti viwili vya kukaa barazani yeye na shangazi. Unajua wanakaaje?"

"Wanakaaje?"

"Kwa zamu. Mmoja akikaa, mwenzake anasimama kwenye ngazi. Mjomba anasema ndoa yao imekuwa foleni."

Dada alicheka, lakini kicheko hakikumkolea. Alirudi kwenye mashine akafanya alivyoambiwa. Tusimsifu bure, alifanya. Meza ilikuwa yake, na mama yake nyumbani alikuwa akimtegemea yeye. Akapunguza vyungu theluthi. Akapunguza taa, akaishusha. Akapunguza mlango na kitasa chake. Vidato vitatu vikawa vitano, vya kitoto, ambavyo hata kuku angevipanda bila kuruka. Na kweli, baraza likatanuka. Likawa baraza la balozi. Picha ilikuwa nzuri, tena nzuri sana, na hilo ndilo lililomkera.

Kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ukaenda kumwasha mama wa kijivu.

Mama akatokea pale barazani kwa urefu wake uleule, mwanamke mfupi kabisa, na akawa jitu. Kitasa kilikuwa kwenye mapaja yake. Taa, ambayo siku zote ilikuwa juu ya kichwa chake, sasa ilimwangaza kifuani. Chungu kikubwa kilimfika kwenye nusu ya paja. Na mlango wenyewe, ule mlango wa mbele, kichwa chake kilipita kizingiti cha juu. Ili aingie angelazimika kuinama.

Dada alikaa akiitazama picha ile mpaka ofisi ikaanza kufungwa madirisha. Hasira ilimpanda polepole. Mama huyu ameinama miaka yote. Ameinamia sakafu za watu, masufuria ya watu, viatu vya watoto wa watu. Mahali pamoja tu duniani alikuwa akisimama wima mbele ya mlango wa mbele, napo ni humu ndani ya mashine ya binti yake, na hata humu wamemfuata wanamwambia ainame. Na anayemwinamisha, safari hii, ni binti yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Hainami," alisema kwa sauti. Bomba aliyekuwa akivaa koti aliuliza nani. "Mama yangu. Hainami tena kwenye mlango wa mtu. Wakitaka wafunge meza."

Nyumbani hakumwambia mama yake kuhusu meza. Alimwomba tu avae gauni lake la buluu, lile la kwendea mahali pa heshima, asimame kwenye mwanga wa dirishani. Akampiga picha mbele, nyuma, ubavuni.

"Sanda imekuwa tayari?" mama aliuliza.

"Imekuwa ya buluu," dada alisema.

Siku zilizobaki kabla ya kikao alifanya kazi bila kusema na mtu. Alimvua mama yake rangi ya kijivu. Akampa uso, akampa gauni, akampa viatu vya wazi na mfuko mdogo begani. Akamweka kwenye picha ya kwanza, ile ya vipimo vya kweli, akiwa kidato cha juu, mkono mmoja umeshika kitasa, uso umegeuka kidogo kama mtu anayeangalia kama wenzake wanakuja. Mwanga wa taa ulimshukia begani. Ilibidi aurekebishe tena, kwa sababu kitambaa hakipokei mwanga kama ukuta unavyoupokea. Kisha akamweka pia kwenye picha ya Tajiri, bila kubadilisha chochote.

Siku ya kikao walikaa wanne mbele ya skrini kubwa, Tajiri, mkuu wa mauzo, Msanifu na dada. Bomba alijifanya anatafuta kebo ukutani. Dada aliwasha kwanza picha iliyopunguzwa.

Tajiri alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Huyu jitu ni nani?"

"Ni mama yangu," dada alisema. "Si mrefu, mzee. Simama naye, anakufika begani. Mlango ndio umesinyaa. Hivi ndivyo mteja wako atakavyojiona siku akikabidhiwa funguo, jitu kwenye baraza ambalo kwenye picha lilikuwa uwanja. Atafika na viti viwili, akute pa kuweka kimoja."

Mkuu wa mauzo alikohoa. Alivua miwani akaifuta, akasema polepole kwamba wateja wa awamu ya kwanza bado wanapiga simu kuhusu viti. Tajiri alimtazama kwa jicho la kumnyamazisha, naye akaivaa miwani yake, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Dada akaleta picha ya pili. Chenga zikaanza, zikatulia, na baraza likajitokeza na ngazi zake tatu, taa yake, vyungu vyake visivyo mapacha, na yule mama wa gauni la buluu mlangoni. Hata Bomba aliacha kuitafuta kebo.

"Haya," Tajiri alisema mwishowe. "Vipimo viache hivyohivyo, mnipunguzie makelele yenu. Leo baraza linaonekana kubwa. Ila huyu bibi mtoe. Weka baba, mama kijana, mtoto na baiskeli. Huyu watu watadhani ni mfanyakazi wa ndani."

Dada alisukuma kiti nyuma. Alisimama. Alikuwa mfupi kama mama yake, lakini siku hiyo chumba kizima kilijua kwamba amesimama.

"Watadhani sawa," alisema. "Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Amefuta milango kama huu mpaka mikono ikaota sugu, na hajawahi kuingia hata kwa mmoja, alikuwa anazungushwa nyuma kwenye mapipa. Mimi nilizungushwa naye. Huu mlango nimeuchora mimi, na wa kwanza kuingia ni yeye. Hatoki."

"Binti, mimi ndiye ninayejenga hiyo nyumba."

"Na mimi ndiye ninayeichora. Tafuta mwingine akuchoree."

Msanifu alifumba macho kama mtu anayesubiri sahani idondoke. Kisha akafanya jambo ambalo dada hakulitarajia kwake, akanyoosha mkono, akashika kipanya cha kompyuta na kubonyeza yeye mwenyewe. Mama wa gauni la buluu akatoweka. Chenga zikarudi, zikacheza pale mlangoni mahali alipokuwa amesimama, zikatulia.

Dada aliitazama ile nafasi tupu. Alikuwa ameshaanza kukunja waya wa kompyuta yake ya mkononi, ameshachukua kikombe chake. Alikuwa anaondoka, hilo lilikuwa limekwisha.

"Ngoja," Tajiri alisema.

Alikuwa amesogea mpaka pua yake ilikaribia kugusa skrini. "Umefanya nini? Umelipunguza tena?"

"Sijagusa kitu," Msanifu alisema. "Nimemtoa tu huyo mama."

"Mbona limekuwa kioski tena?"

Na kweli lilikuwa. Baraza lilelile, taa ileile, ngazi zilezile, limesinyaa mbele ya macho yao. Jicho lilikosa pa kushika. Lilipita juu ya ngazi likateleza, likafika mlangoni lisijue mlango ni wa mtu au wa kabati. Mama alipokuwepo, mfupi kama alivyo, mlango ulikuwa mrefu juu yake, taa ilikuwa juu ya kichwa chake, na pembeni yake palibaki nafasi ya mtu wa pili kusimama. Alikuwa amelipatia baraza ukubwa wake wenyewe, bila kuongeza wala kuiba hata kidole kimoja. Dada alilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana alimsimamisha kila mlango, ila hakuwahi kufikiria kwamba Tajiri naye ana macho.

Tajiri alirudi nyuma hatua moja.

"Mrudisheni," alisema.

Msanifu alimtazama dada. Dada alikuwa ameshika kikombe chake, amekunja mikono.

"Aliyemtoa ndiye amrudishe," alisema. "Na amwambie samahani."

Bomba alicheka, akajifanya anakohoa. Msanifu akakishika tena kipanya. Kwa dakika moja ilionekana atakasirika, kisha uso wake ukalegea, ukawa wa mtu aliyetua mzigo.

"Samahani, mama," aliiambia skrini, na akabonyeza.

Bango lilisimamishwa kabla nyumba ya mfano haijaezekwa. Lilikuwa kubwa, linaonekana tangu kwenye kona ya barabara, na jioni walilimulika kwa taa. Dada hakumwambia mama yake. Alisubiri nyumba ya mfano ikamilike, ipakwe rangi, iwekewe mlango, taa na vyungu, mpaka siku iliyofunguliwa watu waje kuitazama. Akamwomba avae gauni la buluu.

"Tunakwenda wapi?"

"Kuona kazi yangu, Mama."

Wakateremka kwenye teksi upande wa ubavuni, ambako bango lilikuwa limewapa mgongo. Kulikuwa na watu wachache, wengine wanagonga kuta kujua kama ni imara. Dada alimlipa dereva, na alipogeuka mama yake hakuwa pembeni yake. Alikuwa ameshaanza kutembea, taratibu na goti lake, akiifuata njia nyembamba ya kokoto inayopita ubavuni mwa nyumba kwenda nyuma. Hakuna aliyemwelekeza. Miguu ndiyo iliyojua.

Dada alitaka kumwita, akaacha. Akamkimbilia, akamshika mkono, akamgeuza kimyakimya mpaka wakafika mbele ya nyumba. Hapo akamwelekeza macho kwenye bango.

Mama alitazama. Alitazama gauni, akashusha macho akalitazama lake. Alitazama mkono ulioshika kitasa.

"Mbona umenivalisha viatu vya wazi?" alisema. "Nina viatu vizuri nyumbani."

"Sikujua utakuwa mkubwa hivyo," dada alisema, na hapo alikuwa analia.

Mama hakulia. Alirekebisha mfuko wake begani na kuiendea ngazi. Mlinzi kijana aliyesimama barazani akanyoosha mkono kwa adabu, maana ndivyo alivyofundishwa.

"Mama, shikamoo. Wafanyakazi wanapita nyuma."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. Akainua kidole akaonyesha bango. "Mtazame yule pale."

Mlinzi akatazama.

"Umemwona? Sasa nitazame mimi."

Akapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kushika ukuta na bila kuinama. Akanyoosha mkono, na kitasa kilikuwa palepale mkono ulipofika. Akafungua mlango wa mbele, akaingia.